Mwanangu, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Mwanangu mpenzi,

Dada yako kaniambia unataka kuiacha hiyo wodi. Sikukatazi, ingawa ningependa ningesikia kwako kwanza. Ninaloomba ni moja: barua ya kuacha ingoje wiki mbili, na katika wiki hizo andika mistari miwili kila siku kabla ya kulala. Kwenye mzigo nimekuwekea daftari dogo la mistari. Lipige mstari katikati, upande mmoja andika "Imenipa nguvu", wa pili "Imenimaliza".

Wewe ni mjuzi wa kuandika, na hapo ndipo ninapokuogopea. Utajaza ukurasa mzima, utaanza kulitafuna upya neno uliloambiwa na fulani, usingizi utakimbia. Dakika tano zinatosha. Andikia mezani, kitandani usiende nalo. Ukitoka zamu ya usiku andika asubuhi kabla ya kujilaza, maana siku yako inaishia hapo.

Anza kuipitia siku tangu ulipoamka. Ukianzia mwisho, daladala iliyokuchelewesha jioni itaipaka tope siku nzima, na lile jema la saa 4 asubuhi hutalikumbuka. Kisha chagua jambo moja kwa kila upande, basi. Andika tendo, saa na uliyekuwa naye. Majina ya wagonjwa usiyaandike kabisa, hata herufi za mwanzo; daftari husahaulika kwenye kiti cha basi.

Ulimwambia dada yako "wodi imenimaliza". Neno hilo halifai kuingia daftarini kwa sababu halikuonyeshi pa kushika. Wodi ina kukabidhiana zamu, raundi ya madaktari, kugawa dawa, kuosha wagonjwa, ndugu wanaouliza maswali. Kipi kati ya hivyo? Tuseme Jumatatu umeandika: "Saa 3, nimetafuta jalada, daktari ananisubiri mbele ya watu." Jumatano jalada tena. Ijumaa tena. Na upande wa nguvu: "Saa 8 mchana, nimemwelekeza mama mpya kumshika mtoto anyonye." Hapo wodi haina kosa. Kinachokumaliza ni kutafuta kitu huku unatazamwa. Wiki inayofuata badilisha jambo moja tu: majalada yatafute kabla raundi haijaanza. Mstari ule ukitoweka, umepata jibu. Ukibaki, sababu ni nyingine, pengine ni huyo daktari. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja hutajua lipi limesaidia.

Usichanganye uchovu na kumalizwa. Unaweza kutoka chumba cha uzazi miguu imevimba na bado moyo mwepesi. Hiyo inakwenda upande wa nguvu. Unaweza pia kukaa saa nzima bila kazi ukatoka umenyauka. Kila siku andika pembeni saa ulizolala na kama ulikula mchana, kwa sababu mwenye njaa huona kila mtu mkorofi. Zamu za usiku linganisha na nyingine za usiku, usizipime kwa zamu za mchana.

Mwisho wa wiki soma mistari yote kwa pamoja, zungushia duara yanayojirudia. Katikati ya wiki usirudi nyuma kusoma, utaanza kujihukumu. Hii si ile muhasaba uliyofundishwa madrasa, ya kuhesabu makosa yako kabla ya kulala. Ile ina mahali pake, iendelee. Hapa huulizi kama umekosea, unauliza nguvu zimekwenda wapi. Siku ukiruka, usijaze kwa kukisia, acha wazi uendelee.

Na barua ya kuacha, nasema tena, isiandikwe usiku uliotoka kwenye zamu mbaya. Wiki mbili zikipita na upande wa "Imenimaliza" umejaa kazi yenyewe, kuwagusa wagonjwa, kuwahudumia, basi andika, nami nitamkabili baba yako. Lakini kama upande wa nguvu unabaki mtupu kila siku, chakula hakipiti, usingizi hauji hata siku za mapumziko, hapo daftari halitoshi. Nenda kamwone daktari, wewe unayewahimiza wenzio waende.

Na mimi nikitokea upande wa "Imenimaliza" kwa simu zangu za saa 11 alfajiri, niandike tu, na saa uiandike. Nitapiga jioni.

Mzigo umepanda basi la leo, uuchukue stendi mapema kwa sababu kuna dagaa na hawapendi kulazwa ofisini. Khanga ya kijani ni ya mwenye nyumba wako, usiivae. Tangi la maji limepasuka tena, fundi anasema la kubadilisha siyo la kuziba. Baba yako anabisha. Usitume hela ya tangi, lipa kodi yako kwanza.

Mama yako