Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Siku ya Afya na Yale Tuliyoyatangaza

Ndugu wanachama, salaam.

Mwaka jana mlilalamika kwamba taarifa yangu iligusa kila jambo na haikueleza hata moja. Safari hii mambo ya kawaida nayapitisha haraka. Michango imeingia, ingawa wapo wanaodaiwa na wanajijua. Viti viwili vya plastiki vimevunjika, na mweka hazina atasoma hesabu baada yangu. Muda uliobaki nautumia kwa Siku ya Afya tuliyoifanya hapa Busia, kwa sababu ndiyo iliyokula nguvu zetu, na kwa sababu kosa lililokaribia kutuletea msiba lilikuwa letu wenyewe. Halikuwa la daktari wala la mashine. Lilitoka kwenye kipaza sauti.

Maandalizi mnayafahamu. Tulimwandikia barua ofisa wa afya wa wilaya, tukapata ruhusa ya mwenyekiti wa LC1, tukaazima uwanja wa shule. Wauguzi watano na afisa wa tiba mmoja walijitolea, na wahudumu wa afya wa kijiji, hawa tunaowaita VHT, walikuja wanane. Tulikubaliana mahema manne: uandikishaji, presha, sukari, na hema la mwisho la ushauri na rufaa. Kuna waliotaka tupime kila kitu, hata macho na meno. Nilikataa na bado sijutii. Ukipima jambo ambalo huna pa kumpeleka mtu baada ya kuligundua, umempa wasiwasi tu wa kurudi nao nyumbani.

Sasa nije kwenye matangazo. Siku tatu kabla, kijana wetu alizunguka na bodaboda yenye kipaza sauti. Maneno tulimpa kwa mdomo, hatukumwandikia. Naye ana kipaji, akayapamba: "Njooni mpimwe magonjwa yote bure, dawa bure, njooni bila kula!" Dawa hatukuwa nazo hata kidonge. Hilo la "bila kula" lilitoka kwetu. Mmoja wetu alisikia kwamba sukari hupimwa mtu akiwa na njaa, tukaona ni busara, hatukumuuliza muuguzi.

Ni kweli kipo kipimo cha njaa. Mtu hukaa saa nane au zaidi bila kula, na akipatikana na 7.0 au zaidi, tena kipimo kikarudiwa siku nyingine kikathibitisha, huyo ana kisukari. Lakini hicho ni kipimo cha kliniki, ambako mtu hufika asubuhi, akapimwa, akaenda kunywa chai. Uwanjani kwetu watu walipanga foleni hadi saa sita mchana.

Mzee mmoja jirani yetu, anayeishi na kisukari miaka mingi, alitii tangazo. Hakula. Ila dawa yake aliimeza saa moja asubuhi kama kawaida, na dawa yenyewe ni glibenklamaidi, ambayo husukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Ilipofika saa tano na nusu alianza kutokwa jasho, mikono ikamtetemeka, maneno yakawa hayashikani. Watu wa foleni wakacheka wakisema mzee ameanza mapema leo. Muuguzi wa hema la sukari alisikia kicheko, akatoka kuangalia, akamtoboa kidole palepale. Sukari yake ilikuwa 2.7. Ikishuka chini ya 3.9 ni hatari tayari.

Kwa kuwa alikuwa macho na anaweza kumeza, alipewa vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika nusu glasi ya maji. Baada ya dakika 15 akapimwa tena: 3.4. Akapewa tena kiasi kilekile, na dakika 15 nyingine zikampeleka 5.1. Hapo ndipo alipoletewa chapati na maharage. Angekuwa amezimia, tusingethubutu kumtia kitu mdomoni, maana kingeingia njia ya hewa. Ingekuwa ni gari na hospitali. Wengi mtasema basi, amepona, aende zake. Muuguzi alikataa. Dawa ile hukaa mwilini muda mrefu, na sukari inaweza kushuka tena jioni mtu akiwa peke yake chumbani. Mzee alikaa nasi, akipimwa kila baada ya muda, mpaka mwanawe alipofika, naye akaelekezwa kumpeleka kituo cha afya siku hiyohiyo.

Tulipomuuliza kwa nini alimeza dawa na hakula, alijibu, "Mwanangu, mlisema nisile. Hamkusema nisimeze." Sina la kuongeza hapo.

Baadaye nilikaa na yule kijana wa bodaboda tukapiga hesabu. Akienda taratibu, kilomita 20 kwa saa, anapita mita 100 kwa sekunde 18. Tangazo lake lilichukua karibu nusu dakika. Kwa hiyo aliyekuwa mlangoni kwake alisikia kipande tu, na kila nyumba kipande chake. Mmoja alisikia "dawa bure", mwingine "bila kula", wa tatu alisikia Jumamosi asijue ni wapi. Tangu sasa bodaboda haitangazi ikitembea. Inasimama kwenye njia panda, injini inazimwa, tangazo linasomwa kutoka kwenye karatasi mara mbili kwa Kiswahili, kisha Kisamia, kisha Ateso. Karatasi yenyewe muuguzi ameipitia, na inasema hivi:

"Jumamosi, uwanja wa shule, saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Tutapima presha na sukari, bure. Dawa hazitagawiwa. Kula chakula chako kama kawaida. Kama una dawa unazotumia, meza kama kawaida, na uje nazo."

Ni fupi na haina utamu, kijana ameshaniambia. Lakini hilo la kuja na dawa lina faida yake, maana wengi hawajui jina la wanachomeza. Muuguzi akiona pakiti anajua mara moja ni nani wa kuangaliwa zaidi. Na sukari sasa tunapima bila kujali mtu amekula saa ngapi. Mwenye 11.1 au zaidi anaonana na afisa wa tiba siku ileile. Ambaye kipimo kinatia shaka anapewa kadi aende kituo cha afya asubuhi nyingine bila kula. Na akiwa tayari anatumia dawa za sukari, huyo huulizia kwanza kituoni azimeze vipi siku hiyo.

Kulikuwa na neno jingine lililotusumbua, nalo ni dogo. Hema la sukari tulilitangaza uwanjani kama "hema la kupima damu". Likabaki tupu hadi saa nne. Hapa kwetu ukisema "kupima damu", mtu anasikia virusi vya ukimwi, hata ukimwapia kwamba siyo. Akina mama walikuwa wakipita mbali na hema lile ili wasionekane na majirani. Mmoja wa VHT ndiye aliyetufungua macho. Tukabandika namba, Hema la 1 hadi la 4, na mtangazaji akaanza kusema "Hema la 3, sukari, tunatoboa kidole tu". Ndani ya nusu saa foleni ikajaa. Kutoka hapo hata watu tuliwaita kwa namba za kadi, si kwa majina, kwa sababu kuitwa jina lako kwenye hema la rufaa mbele ya soko zima ni sawa na kutangaziwa ugonjwa.

Presha nayo ilipatwa na kipaza sauti, safari hii kwa kelele. Tulikuwa tumelipanga hema lake karibu na spika kubwa ili lionekane. Saa ya kwanza tulipima watu 31, na 19 walivuka 140 kwa 90. Muuguzi mkuu alitazama daftari akasema mji hauwezi kuwa mgonjwa hivi. Akasimama pembeni kuangalia. Watu walishuka kwenye bodaboda wakaingia moja kwa moja. Walikaa kwenye benchi lisilo na mgongo, miguu ikining'inia, wakipiga soga na jirani kwa sauti ili washinde muziki. Mkanda ulifungwa juu ya mkono wa shati. Kuongea tu kunaweza kupandisha kipimo kwa nukta kama 10, na mkono ukiwa haujaegemezwa unaongeza zake. Mkanda mdogo kwa mkono mnene nao hudanganya kwenda juu, na sisi tulikuwa na saizi moja tu.

Tulisimamisha kazi. Hema likahamishwa nyuma ya darasa la mwisho, penye kivuli. Kila mtu aliketi dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, baada ya kuulizwa kama anahitaji choo kwanza. Tukapima mara mbili, dakika moja katikati. Kati ya wale 19 tuliwapata 16 wakiwa bado uwanjani, na 9 kati yao walishuka chini ya mstari. Hao 9 tungewarudisha nyumbani na ugonjwa ambao pengine hawana. Hata waliobaki juu hawakuambiwa kwamba wana presha. Waliambiwa warudie kupima siku nyingine kituoni, maana siku moja haitoshi kuamua, isipokuwa kipimo kikiwa juu sana, 180 na kuendelea, na hasa kikija na kichwa kikali, macho kufifia au kifua kubana.

Wengine walinung'unika kwamba utaratibu huu unachelewesha. Hesabu inasema vingine. Mtu hushika mashine dakika nne hivi, kwa hiyo mashine tatu huhudumia watu 45 kwa saa. Dakika tano za kupumzika hazigusi mashine, zinahitaji viti tu, na kwa mwendo ule viti vinne vinatosha. Sisi tuliweka sita. Muziki ulirudi saa nane, kwa sauti ya chini, baada ya kijana wa spika kuninunia vya kutosha.

Waliopewa kadi za rufaa ni 41. Kadi inakatwa vipande viwili, kimoja kinabaki kituoni mtu akifika. Mwisho wa mwezi tulihesabu vipande 23. Waliobaki 18, VHT wanawafuata nyumbani mmoja mmoja. Sababu inayojirudia ni kwamba kliniki ya presha ina siku yake maalumu ya wiki, na sisi hatukuiandika kwenye kadi. Watu walikwenda siku nyingine, wakaambiwa warudi, hawakurudi.

Naomba mkutano huu uamue mambo mawili kabla ya chakula. La kwanza, tununue mkanda mpana wa presha, ule wa mikono minene, kwa fedha za akiba. La pili, lisitoke tangazo lolote la afya kwa jina la chama hiki mpaka muuguzi mmoja alisome na kutia saini. Karatasi ya mfano iko kwa katibu, na kwenye kadi mpya ameacha nafasi ya kuandika siku ya kliniki.