Miche bora, bei ya chini kuliko zote, uhakika 100%: tunavyolikagua tangazo kabla ya kulichapa

Msimu wa kupanda ukikaribia, kazi nyingi za mabango na vipeperushi zinazoingia kwetu hapa Mbeya ni za wenye vitalu vya miche ya parachichi, kuanzia Rungwe hadi upande wa Njombe. Maneno yake yanafanana sana. Ya kawaida yanasomeka hivi: "Miche bora ya Hass Nyanda za Juu Kusini, bei ya chini kuliko zote, inazaa baada ya miaka 2 uhakika 100%, ekari moja inaingiza milioni 20 kwa mwaka."

Tangazo kama hilo hatulipeleki kwenye mashine siku hiyohiyo. Kwanza tunakaa na mteja na kalamu, na kukagua huku hakuongezi gharama yoyote. Mteja anayetaka kujua tunauliza nini, na kwa nini, atayaona maswali hayo hapa kwenye mfano huuhuu.

Tunaanza na "bora", kwa sababu ndilo jepesi. Bora kwa kipimo gani? Neno likikosa kipimo, msomaji hulipita tu, maana jirani yako wa kitalu ameliandika pia. Tunaliondoa na kuweka kile kinachoufanya mche wako uwe mzuri: umebebeshwa, vikonyo vimetoka kwenye miti mama inayojulikana, una umri wa miezi kadhaa, kovu la kuungia limefunga vizuri. Mambo hayo mkulima anaweza kuinama akayaangalia mwenyewe kabla ya kulipa.

"Bei ya chini kuliko zote" ni dai la hesabu, kwa hiyo tunadai hesabu. Umelinganisha na vitalu vingapi? Lini? Ni miche ya umri uleule, na bei ya wenzako inajumuisha usafiri au hapana? Mche wa shilingi 2,800 unaouchukua mwenyewe Tukuyu unaweza kumgharimu mtu wa Mbalizi kuliko wa 3,200 unaoletewa shambani. Hata ukiwa sahihi leo, mwenzako akishusha bei Jumatatu, bango lako linakuwa la uongo huku bado linaning'inia barabarani. Ushauri wetu hapa haubadiliki: andika bei yenyewe na mwisho wake. "Shilingi 3,000 kwa mche, kuanzia miche 100, hadi 31 Desemba." Mnunuzi atalinganisha mwenyewe, na wewe huna cha kutetea.

Penye kazi kubwa ni "uhakika 100%".

Mche wa Hass uliobebeshwa kwa kawaida huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu hivi, ukitunzwa. Ya miaka 2 hutokea, lakini matunda yake ni machache, na wataalamu wengi hushauri kuyapunguza ili mti ujijenge. Zaidi ya hapo, kuzaa kunategemea maji, baridi ya eneo, udongo usiotuamisha maji (mizizi ya parachichi huoza upesi kwenye udongo unaotuama) na mkono wa mkulima. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho mikononi mwa mwenye kitalu. Ahadi ni ya kile unachokitawala, na hapo tunauliza maswali manne: unaahidi nini hasa, kwa muda gani, mnunuzi afanye nini, na ahadi ikivunjika utalipa nini.

Mteja akiyajibu, ahadi hujiandika yenyewe: "Mche ukifa ndani ya siku 30 tangu uuchukue, njoo na risiti na mche wenyewe, tunakubadilishia bure." Kisha tunapiga gharama yake, kwa sababu ahadi isiyopigiwa hesabu ndiyo mtu huikimbia baadaye. Tuseme unauza miche 1,000, kuotesha mmoja kunakugharimu 1,800, na katika kila 100 hufa 8. Utabadilisha 80, yaani 144,000, sawa na shilingi 144 kwa kila mche uliouza. Zikiingia kwenye bei yako, chapa. Zisipoingia, punguza siku au uiache ahadi.

Dai la kwamba mche ni Hass lina hatari ya aina yake: uongo wake hauonekani leo. Utaonekana siku matunda ya kwanza yanapoiva, kwa kuwa ganda la Hass hubadilika likawa la zambarau iliyokolea hadi nyeusi, ilhali la Fuerte, aina nyingine ya parachichi, hubaki kijani. Wakati huo mkulima ameshalea shamba miaka mitatu na kipeperushi chenye namba yako bado anacho. Lakini kuna jambo linalomwonea muuzaji mwaminifu: sehemu iliyobebeshwa ikifa na machipukizi ya chini ya kovu yakaachwa, kinachokua ni mti wa shina la chini, si Hass tena. Ndiyo maana tunapendekeza sentensi moja kwenye kipeperushi: "Ondoa machipukizi yote yanayotoka chini ya kovu." Inamsaidia mkulima, nayo inakulinda wewe.

Zile milioni 20 tunazikagua kwa kurudi nyuma. Ekari ni kama mita za mraba 4,047. Nafasi ya mita 7 kwa 7 inaingiza miti 82 hivi. Tuseme kila mti uliokomaa umetoa kilo 50: hizo ni kilo 4,100. Kupata milioni 20, kila kilo iuzwe karibu shilingi 4,880 hapo shambani. Kwa bei ya kufanyia hesabu ya 1,500 unapata milioni 6.15, kabla ya mbolea, dawa, vibarua na miaka ya mwanzo isiyo na mavuno. Mteja akiwa na namba zake za kweli tunaziweka. Asipokuwa nazo, mstari unatoka. Neno "hadi" halituridhishi pia: "hadi kilo 200 kwa mti" mara nyingi ni mti mmoja wa mzee mmoja, tena mwaka mmoja.

Ukitaka nembo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, au ya TBS, shirika la viwango, leta cheti tukisome: jina ni lako, tarehe haijapita, na kinataja bidhaa hiyo hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora, bei, asili ya bidhaa au uthibitisho ambao haupo.

Mwisho ni masharti. Kanuni ya watengeneza mabango ni herufi ya sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Bango la Uyole linalosomwa kutoka mita 12 linahitaji herufi za sentimita 10. Sharti la sentimita 1.5 chini kabisa ni sawa na kutoliandika. Ahadi na sharti lake visipotosha pamoja, ahadi tunaihamishia kwenye kipeperushi, na bango linabaki na aina ya mche, bei, tarehe na namba ya simu.

Unapokuja, leta maneno yako kwenye karatasi au yatume Wasapu, pamoja na cheti, orodha ya bei na picha za miche yako mwenyewe. Tutakurudishia nakala ya kukagua. Ukishaisaini, tunachapa.