Barua kwa somo yangu juu ya wafundamentalisti na wamodernisti

Somo yangu,

Assalaam alaykum. Rasimu ya insha yako imenifika kutoka Wete na nimeisoma yote. Sehemu ya maulidi imekaa vizuri, karibu sina la kusema. Tatizo liko ukurasa wa kwanza, kwenye sentensi hii: "Ufundamentalisti ni kuyashika maandiko neno kwa neno na kuyakataa maendeleo, na umodernisti ni kutumia akili katika dini." Hapo hukumu imeshatoka na mashahidi hawajaitwa. Mmoja umempa ukaidi, mwengine umempa akili. Kurasa zote zinazofuata zinabaki kuthibitisha kile ulichokwisha kukitia ndani ya neno.

Njia ya kujitoa ni kuuliza, kwa kila neno, nani alilitia mdomoni kwanza, lini, na akigombana na nani. Anza na ufundamentalisti. Baina ya 1910 na 1915 nchini Marekani vilichapishwa vijitabu 12 vya kutetea misingi ya imani ya Kikristo, kwa fedha za ndugu wawili, Lyman na Milton Stewart, waliotajirika kwa mafuta. Viligawiwa bure kwa wachungaji, wamishenari na walimu. Mwaka 1920 mhariri wa gazeti la Kibaptisti, Curtis Lee Laws, akawabunia jina watu walio tayari kuipigania misingi hiyo: wafundamentalisti. Alilibuni kwa sifa, na yeye mwenyewe akijihesabu miongoni mwao. Hao waliokuwa wakigombana nao hawakuwa makafiri wala wapagani. Walikuwa wachungaji na maprofesa wa makanisa yao wenyewe. Harry Emerson Fosdick, aliyetoa khutba mashuhuri ya 1922 akiuliza iwapo wafundamentalisti watashinda, naye alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, akihubiri katika kanisa la Presbiteri la New York.

Sasa tazama umodernisti. Mwaka 1907 Papa Pius wa 10 alitoa waraka wa kuulaani, akiuita mkusanyiko wa uzushi wote. Mapadri kama Alfred Loisy na George Tyrrell walitengwa na kanisa, na kuanzia 1910 mapadri na walimu wa seminari walitakiwa kula kiapo cha kuukana, kiapo kilichodumu hadi 1967. Waraka ule ulijenga mfumo mmoja kamili kutokana na maandishi ya watu mbalimbali, na hakuna hata mmoja wao aliyeushika mfumo huo wote. Kwa maneno mengine, jina lilikuwa shitaka. Baadaye tu, kwa Waprotestanti wa Marekani, akatokea mtu kama Shailer Mathews wa Chicago aliyelivaa mwenyewe, mwaka 1924, na kulieleza kuwa ni imani ya Kikristo.

Umeona kilichotokea? Maneno haya mawili yamebadilishana nguo. La kwanza lilianza kama sifa na leo ni tusi. La pili lilianza kama shitaka na leo linasikika kama sifa. Sentensi yako imechukua nguo za leo na kuwavisha watu wa jana. Historia hii hebu itie kwenye aya moja fupi, maana msomaji asipoiona atadhani maana ya leo ndiyo maana ya asili.

Tuje kwenye "neno kwa neno". Hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote, na linatokana na kuchanganya mambo mawili: kusema kwamba maandiko hayana kosa, na kusema kwamba kila sentensi isomwe kwa maana yake ya juu juu. Wafundamentalisti walishika la kwanza. La pili hawakulishika daima. Yesu aliposema "mimi ni mlango" hakuna aliyetafuta bawaba. Mfano mzuri zaidi ni kesi ya Dayton, Tennessee, Julai 1925, mwalimu John Scopes aliposhitakiwa kwa kufundisha nadharia ya mageuzi. William Jennings Bryan, mtetezi mkubwa wa Biblia katika kesi ile, alipobanwa kwa masuala na wakili Clarence Darrow, alikubali kwamba siku za uumbaji si lazima ziwe siku za saa 24. Mtu anayesoma neno kwa neno hawezi kusema hivyo. James Barr, mwanachuoni aliyewakosoa vikali wafundamentalisti, aliliona hili mwaka 1977: wanapokabiliwa na mgongano, huiacha maana ya juu juu ili waokoe kutokosea kwa maandiko. Kutokosea ndiyo nguzo. Usomaji hubadilika ili nguzo isimame.

Na "kuyakataa maendeleo" je? Watu waliochapisha vijitabu kwa fedha za mafuta, wakavituma kwa posta dunia nzima na baadaye wakaijaza redio mahubiri, hawakuyakimbia maendeleo. Walichokikataa ni dai fulani kwamba elimu mpya ina haki ya kuamua lipi katika dini libaki na lipi liondoke. Liandike hivyo hivyo. Na upande wa pili usiseme kwamba wao ndio "waliotumia akili", kwa sababu wafundamentalisti wao walikuwa na vyuo na hoja ndefu kupita kiasi (mwenye shaka avisome vile vijitabu). Wamodernisti walichodai ni mahsusi zaidi: kwamba ukweli wa dini hauko katika umbo la maneno ya zamani, na kwamba umbo hilo likielezwa upya dini haipungui kitu.

Baada ya hayo ningeandika hivi:

"Katika insha hii, ufundamentalisti ni harakati ndani ya dini, ya watu wanaoona kwamba mafundisho ya msingi ya dini yao yanabomolewa na fikra za zama zao, khasa kupitia watu wa dini hiyo hiyo, nao huchagua baadhi ya mafundisho hayo kuwa mpaka na kujipanga kuyatetea. Umodernisti ni harakati ndani ya dini, ya watu wanaoona kwamba dini yao itabaki na ukweli wake iwapo mafundisho yake yataelezwa upya kwa elimu ya zama zao, nao hujipanga kuyaeleza hivyo."

Nikueleze kwa nini maneno haya na si mengine. Zote mbili zinaanza na "harakati ndani ya dini", ili asionekane mmoja ni mtu wa dini na mwengine ni mtu wa nje. Neno "wanaoona" limewekwa pande zote mbili, maana kazi ya sosholojia si kuamua kama kweli dini inabomolewa au kama kweli haipungui. "Huchagua" nimelichukua kutokana na hoja ya mradi mkubwa ulioongozwa na Martin Marty na Scott Appleby, uliotoa majuzuu matano baina ya 1991 na 1995: kwamba harakati hizi hazirudishi zamani yote, huokota baadhi na kuyakuza. Na neno "zama" limo katika zote mbili kwa makusudi. Bila ya usasa hakuna hata mmoja wao.

Njia rahisi ya kuijaribu tafsiri ni kumpa mfuasi mwenyewe aisome. Si lazima aipende. Lakini akisema "huyu si mimi", umekosea mahali, na umwulize ni neno gani limemkataa.

Kwa upande wa Kiswahili, ukurasa wa tatu umetumia "wenye siasa kali" kama tafsiri. Lifute. Ni neno la taarifa za habari, na lina siasa ndani yake na ukali ndani yake, ilhali mfundamentalisti anaweza kuwa mtu aliyejitenga kabisa na siasa. "Usasa" nalo lisiwe tafsiri ya umodernisti. Usasa ni hali ya zama, umodernisti ni msimamo juu ya hali hiyo. Na usijaribu "usuli", kwa sababu kwetu mtu wa usuli ni aliyesoma usuli-fiqhi, elimu yenye karne nyingi isiyohusiana na ugomvi huu. Bora maneno ya mkopo, ufundamentalisti na umodernisti, uyaeleze mara moja na uyashike hadi mwisho.

Lililobaki ndilo zito: je, jozi hii inafaa huku kwetu? Katika sura yako umewaita wanaoyapinga maulidi wafundamentalisti kwa kuwa "wanaamini Kurani haina kosa". Lakini anayesoma Barzanji usiku kucha naye anaamini hivyo hivyo, na mama yake, na jirani yake. Sifa iliyo kwa wote haimtenganishi yeyote. Tena mpinzani wao si mmodernisti. Ni mtu wa tarika anayetetea alichorithi kwa mashekhe wake. Ugomvi wao ni ibada ipi ina dalili na ipi haina, na huo ni ugomvi wa zamani kuliko gazeti la Laws.

Mchukue Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akiathiriwa na jarida la Al-Manar la Rashid Rida wa Cairo. Aliwataka Waislamu warudi kwenye Kurani na Sunna na waache bidaa. Hapo utasema mfundamentalisti. Ukurasa wa pili anawataka wasome elimu za kisasa wasibaki nyuma. Hapo utasema mmodernisti. Sheikh Abdulla Saleh Farsy wa hapa Unguja, aliyefuata mkondo huo, alipiga vita bidaa na papo hapo akatufasiria Kurani yote kwa Kiswahili, iliyotoka 1969. Kwao hao, kurudi kwenye asili na kwenda na wakati ni njia moja. Ukilazimisha kuwagawa utawakata vipande viwili.

Kwa hiyo jozi hii itumie kwa Marekani na Ulaya ilikozaliwa, kisha useme wazi inapofika Unguja na Pemba inashika wapi na inateleza wapi. Wahusika wako waite kwa wanavyojiita: watu wa islahi, watu wa tarika, watu wa sunna. Hata "bidaa" iandike kwa uangalifu. Badala ya "bidaa ya maulidi" andika "maulidi, ambayo wao wanayaona kuwa bidaa", kwa sababu upande wa pili utakujibu kwamba ni bidaa hasana na utakuwa umekwisha kuchukua upande bila kujijua.

Nitumie tena ukurasa wa kwanza na wa tatu tu ukishaviandika, kabla hujampelekea mwalimu. Nisalimie mama, na watoto wote.

Wako,
somo yako wa Mjini