Asilimia 3 iliyo ghali kuliko asilimia 4

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo lililomkuta mdogo wangu, anayenunua samaki Deep Sea hapa Tanga, akawakaanga na kuwauza jioni Ngamiani. Alihitaji shilingi 1,200,000 za friza na mtaji, akaenda ofisi mbili za mikopo. Moja ilimtajia riba ya asilimia 4 kwa mwezi, nyingine asilimia 3, zote kwa miezi 12. Akachukua ya asilimia 3. Aliniletea karatasi akiwa ameshasaini. Nimekuwa karani wa chama cha akiba na mikopo kwa miaka mingi, nikaumia nilipozisoma.

"Kaka, tatu si ndogo kuliko nne?" aliniuliza.

Ndogo, ndiyo, lakini asilimia 3 ya nini? Mkopo wake ni wa riba ya flati. Riba inapigwa juu ya shilingi 1,200,000 zile za mwanzo, kila mwezi, hata kama nyingi ameshazirudisha. Ni 36,000 kwa mwezi, mara 12, jumla 432,000. Rejesho lake ni 136,000 kila mwezi.

Ile ofisi ya asilimia 4 ilikuwa inatoza riba juu ya salio, yaani juu ya deni lililobaki tu. Angerudisha 100,000 ya mkopo kila mwezi pamoja na riba ya kile anachodaiwa. Mwezi wa kwanza riba ni 48,000, wa pili 44,000, wa tatu 40,000, inashuka hivyo hadi 4,000 mwezi wa mwisho. Ukijumlisha zote unapata 312,000. Kwa hiyo ile nne ingemgharimu pungufu kwa shilingi 120,000.

Lazima niseme na upande wa pili. Rejesho la kwanza kwenye mkopo wa salio lingekuwa 148,000, na kwa muuza samaki msimu wa upepo, 12,000 za ziada ni nyingi. Nafuu ingeanza mwezi wa tano. Anayejua kwamba miezi mitatu ya mwanzo itambana ana haki ya kuchagua flati, ila achague akijua bei yake.

Bei hiyo ndiyo haisemwi. Tazama mwezi wa 12 wa flati: ameshabakiza 100,000 tu ya mkopo, lakini analipa riba ya 36,000 juu yake. Ukitaka kujua riba yake halisi kwa mwezi, fungua Excel kwenye simu uandike hivi:

```
=RATE(12,-136000,1200000)
```

Jibu ni kama asilimia 5.1 kwa mwezi, yaani takriban 61 kwa mwaka, si 36. Na hapo sijaweka makato. Siku ya kupokea alikatwa 36,000 za fomu na bima, kwa hiyo mkononi alipata 1,164,000. Weka hiyo mahali pa 1200000 na riba inapanda hadi kama asilimia 5.6 kwa mwezi, kwa sababu analipia fedha ambazo hakuzishika kamwe.

Kilichomuuma zaidi kilikuja mwezi wa sita. Zamu yake ya upatu ilifika, akapata 600,000, akaenda kumaliza deni. Alijua nusu ya mkopo imeshalipwa. Akaambiwa alete 816,000, kwa kuwa riba ya miezi sita iliyobaki ilishahesabiwa kwenye mkataba. Alitaka kurudisha fedha za watu mapema, akadaiwa riba ya miezi ambayo asingekaa nazo. Kwenye mkopo wa salio, mkataba usipokuwa na faini ya kulipa mapema, 600,000 zingetosha.

Hii si mikopo ya kausha damu ya mtu wa mtaani. Ni ofisi yenye bango na mihuri. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wakopeshaji wa aina hii wanasimamiwa na Benki Kuu, na leseni yao inatufanya tuamini kila namba iliyo kwenye tangazo.

Kwa anayekwenda kukopa wiki hii: kabla ya kusaini omba jedwali la marejesho, uangalie safu ya riba. Ikiwa namba ni ileile kutoka juu hadi chini, hiyo ni flati, hata afisa mikopo akikuambia vingine. Kisha uliza, nikilipa yote mwezi wa sita nitadaiwa kiasi gani? Mwambie akuandikie jibu kwenye karatasi.

Nawe Mhariri, nakuomba kwa dhati: tangazo la mkopo linapoletwa kwako likiwa na neno "asilimia 3 tu", usilichapishe mpaka mwenye nalo aongeze kama ni flati au salio, na jumla ya shilingi atakazorudisha anayekopa milioni moja kwa mwaka.

Karani mstaafu,
Chumbageni, Tanga