Barua ya wazi kwa Waziri wa Kawi wa kaunti yetu: Tuandikiwe kazi tunazofanya

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Nimekuandikia barua mbili kupitia ofisi yako na sikujibiwa, kwa hivyo hii ya tatu nimeona niiandike mahali ambapo kila mtu ataisoma.

Usiku wa Jumatano ya wiki iliyopita mama mmoja alijifungua katika zahanati ya kijiji chetu kwa mwanga wa simu ya mkunga, ilhali juu ya paa la zahanati hiyo kuna paneli mbili za sola ambazo hazijatimiza hata miezi kumi tangu zifungwe. Mama na mtoto wako salama, nashukuru. Asubuhi yake muuguzi alinitumia ujumbe niende nikaangalie, kwa kuwa anajua nimesomea kazi hii. Nilichokiona huko ndicho kilichonifanya nishike kalamu, na naomba univumilie nikueleze kwa kirefu, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jambo lenyewe.

Paneli ni mbili, za wati 150 kila moja, zimeunganishwa sambamba kwa mfumo wa volti 12. Niliwahi alfajiri kabla jua halijapanda, nikapima betri ikiwa imetulia, nikasoma volti 11.7. Betri ya asidi yenye kipimo hicho imekaribia kwisha kabisa. Nikasubiri hadi saa sita mchana, jua likiwa kali na hakuna wingu. Nikapanda juu nikapima kwenye paneli zenyewe: volti 16.1. Nikashuka nikapima pale waya unapoingia kwenye chaji kontrola, kile kifaa kinachosimamia ujazaji wa betri: volti 12.9. Volti 3.2 zilikuwa zimepotelea njiani, na nilipoushika waya huo ulikuwa na joto.

Waya wenyewe ni ule wa milimita mraba 2.5, ambao mafundi wa nyumba hutumia kwa soketi. Umetoka paneli zilipo, ukazunguka jengo hadi chumba cha dawa, mita 18 kwenda na mita 18 kurudi. Waya wa shaba wa unene huo na urefu huo una ukinzani wa takriban robo ya omu. Ampea 13 zikipita humo, zidisha, utapata zile volti 3.2. Sasa betri ya volti 12 haijai hadi ifikishiwe takriban volti 14.4, na paneli zikishapata joto la paa la mabati huku pwani hushuka kutoka volti 18 zilizoandikwa nyuma yake hadi kama 16. Ukiondoa hasara ya njiani, betri hiyo haikupata kujaa ipasavyo. Ilikuwa ikila nusu shibe kila siku na kukamuliwa kila usiku, na betri ya asidi inayoishi hivyo huota ukoko mgumu kwenye bamba zake, ikafa mapema. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyeiharibu. Iliuawa na waya mwembamba.

Dawa yake ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Wangetumia waya wa milimita mraba 16, ambao ni ghali, au wangeisogeza chaji kontrola karibu na paneli. Au, na hili ndilo ningelifanya mimi, wangeziunganisha paneli mfululizo zitoe volti 36 kwa nusu ya ampea zile za sasa, wakaweka chaji kontrola ya aina ya MPPT, inayoweza kuzishusha volti hizo zilingane na betri bila kupoteza nguvu, badala ya ile ya PWM iliyopo, isiyoweza, na waya wa milimita mraba 6 ungetosha kwa hasara isiyofika asilimia tatu. Hesabu hii ni ya dakika kumi. Anayeijua hawezi kuisahau, kwa sababu ndiyo ya kwanza kufundishwa baada ya hesabu ya mizigo.

Mheshimiwa, siku ile mfumo ulipofungwa nilikuwa pale nje ya ua wa zahanati. Nilimfuata msimamizi wa mwanakandarasi nikamwonyesha leseni yangu, nikamwomba kazi hata ya kushika ngazi. Aliniambia vibarua wameshatosha. Walikuwa wanne, waliletwa kwa lori, na kwa kadiri nilivyowauliza hapakuwa na hata mmoja mwenye leseni. Fundi ambaye jina lake limo kwenye karatasi za kukabidhi mradi, muuguzi hajawahi kumwona. Nadhani leseni yake iliazimwa tu ili zabuni ipite, ingawa hilo nawaachia wenye uwezo wa kuchunguza. Ninachojua kwa hakika ni kwamba wati 300 ndizo hasa leseni yangu inazoniruhusu kufunga.

Hapa naomba nieleze kuhusu leseni, maana nimesikia ukisema mikutanoni kwamba vijana wa kaunti hii hawana ujuzi ambao waajiri wanautaka. Kwa mujibu wa Kanuni za Mifumo ya Sola za mwaka 2012, ambazo ndizo nilizosomeshwa, mtu yeyote anayefunga sola nchini Kenya sharti awe na leseni ya mamlaka ya kudhibiti kawi, ambayo leo ni EPRA. Daraja la T1 ni la mifumo midogo yenye betri moja isiyozidi wati 100. Daraja la T2 ni la mifumo ya kati hadi wati 300. Daraja la T3 ni la mifumo mikubwa, ikiwemo inayounganishwa na gridi. Mwaka 2012 mgawanyo huo ulikuwa na maana, kwa kuwa paneli ya wati 80 ilihesabiwa kuwa mali. Nenda dukani leo, Mheshimiwa, uulize paneli ya kawaida. Utaonyeshwa ya wati 400 au 550. Mtu wa T2 haruhusiwi kufunga hata moja! Kwa hiyo kampuni zinapotangaza kazi huanzia T3, na sisi wa T2, ambao ndio wengi mashinani, tumebaki na karatasi ambayo haituvushi mlango wa mwajiri.

Nikuambie nilivyopata karatasi hiyo. Baba aliuza ng'ombe wawili nikasomea umeme katika chuo cha kiufundi, kisha nikalipa tena mafunzo ya T2 kwa pesa za akiba ya chama chetu cha akina mama. Mafunzo yalikuwa ya siku kumi. Tulikuwa watu 24 na paneli moja iliyoegemezwa ukutani. Nadharia niliielewa vizuri na mtihani nikaupita, lakini katika siku hizo zote hakuna aliyepanda paa, na kila mmoja wetu alibana kiunganishi cha MC4, kile cha kuungia nyaya za paneli, mara moja tu. Mwalimu hakuwa na kosa, vifaa havikuwepo. Kiunganishi kilichobanwa vibaya hakionekani kwa macho. Hufanya kazi miezi kadhaa, kisha hupata moto na kuyeyuka, na njia pekee ya kujifunza kukibana ni kukibana mara mia ukiwa na mtu anayekivuta kila mara kuona kama kitachomoka.

Basi nikaenda kuutafuta ujuzi huo kazini. Kwa miaka mitatu nimekuwa kibarua wa mafundi mbalimbali kwa ujira wa siku. Nimefunga reli juu ya mabati, nimevuta waya, nimechimba mashimo ya fimbo za ardhi, na mifumo mingine nimeifunga tangu mwanzo hadi mwisho huku mwenye leseni akiwa kwenye gari akizungumza na simu. Jumla ni mifumo 31, nimeiandika yote katika daftari langu. Hakuna hata mmoja ulio na sahihi ya mtu mwingine.

Mwaka jana kampuni moja ya Nairobi iliniita kwenye usaili. Walinipa karatasi ya inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa paneli uwe kama wa gridi, inayostahimili volti 500 na paneli ya volti 49.5 ikiwa haijabebeshwa mzigo, wakaniuliza nitaunganisha ngapi mfululizo. Ukigawanya tu utasema kumi. Nilijibu tisa, kwa sababu paneli hupanda volti kukiwa na baridi, na asubuhi ya Julai Nairobi kumi zingevuka 500 na kuichoma inveta. Walifurahi. Kisha wakaniomba barua za waliowahi kuniajiri na mradi hata mmoja wenye jina langu. Nikatoa daftari. Mkuu wa usaili alilifunua polepole, ukurasa baada ya ukurasa, akanirudishia akasema samahani dada, hili nimeliona lakini siwezi kulipeleka popote. Daraja la T3 nalo halipatikani kwa kukaa darasani tu. Linataka uonyeshe elimu na uzoefu. Ili nipate uzoefu unaotambulika sharti niajiriwe, na ili niajiriwe sharti niwe na T3.

Ndipo ninapokumbusha ahadi yako. Katika baraza la wananchi la mwaka jana, pale chini ya mkungu wa soko, ulisema kwamba kila mwanakandarasi wa sola atakayelipwa na kaunti atachukua vijana wawili wa eneo husika wenye vyeti, wafanye kazi chini ya fundi mwenye leseni hadi mradi ukamilike. Makofi yalipigwa. Karani akapita na karatasi tukaandika majina na nambari za simu. Mimi nilikuwa wa saba. Tangu siku hiyo nimehesabu miradi minne iliyofungwa katika wadi yetu pekee, miwili shuleni, mmoja kisimani na huu wa zahanati, na simu yangu haijalia. Nimewauliza wa kwanza hadi wa sita. Zao pia hazijalia.

Mheshimiwa, sikuombi kujengewa chuo. Sikuombi hata ufadhili wa mafunzo ya T3, ingawa ungesaidia wengi. Viwango vya wati vya mwaka 2012 najua haviko mikononi mwa kaunti, japo sauti yako ingefika mahali ambapo yangu haifiki. Naomba lile ulilolisema mwenyewe liandikwe ndani ya zabuni, kwa maneno mawili matatu: kwamba fundi aliyetajwa kwenye karatasi awepo juu ya paa, na kwamba kijana wa eneo aliyefanya kazi chini yake apewe ukurasa unaosema alifanya nini, mfumo wa wati ngapi, tarehe gani, wenye sahihi na nambari ya leseni ya fundi huyo. Malipo ya mwisho yasitoke kabla ukurasa huo haujafika ofisini kwako. Hilo halihitaji bajeti. Ni sahihi tu, Mheshimiwa. Tunaomba sahihi.

Vipimo vya zahanati nimeviandika kwenye karatasi na kumwachia muuguzi, pamoja na mchoro wa jinsi ya kuziunganisha paneli mfululizo. Betri mpya isinunuliwe kabla ya kuurekebisha waya, la sivyo nayo itakufa kwa njia ile ile. Ikiwa mwanakandarasi atarudishwa kurekebisha, na ninaomba arudishwe, mimi niko umbali wa nusu saa kwa miguu na leseni yangu bado ni halali. Nambari yangu iko kwenye ile karatasi ya baraza, mstari wa saba.

Wako mwaminifu,
Fundi wa sola, daraja la T2