Droo Haiingii? Pima Ukingo wa Chini Kwanza

Mteja alituletea droo ndogo aliyoichapa nyumbani kwa printa ya 3D, kwa plastiki ya PLA. "Fundi, nimechora milimita 60 na nafasi yake ni 60.4. Mbona inakwama?" Tuliishika na kupitisha kidole pembeni. Chini kabisa kulikuwa na ukingo mwembamba uliotokeza kuzunguka droo nzima. Kalipa ilisoma 60.6 kwenye ukingo huo, na 60.1 milimita tano juu yake. Mchoro wake haukuwa na kosa. Huo ndio mguu wa tembo.

Hutokea pale tabaka la kwanza linapokandamizwa kupita kiasi kwenye kitanda cha printa, au tabaka za chini zinapobaki laini kwa joto la kitanda huku uzito wa juu ukizielemea. Visababishi hivi viwili hutofautishwa kwa macho. Uvimbe ukiwa wa tabaka moja tu, wenye ukingo mkali, nozeli, ile ncha inayotoa plastiki, iko chini mno. Ukipanda taratibu tabaka kadhaa, joto ndilo linalosumbua. PLA huanza kulainika karibu na nyuzi 60, na wengi huacha kitanda kwenye 60 hizohizo hadi mwisho wa kazi.

Kwa hiyo tulianza na nozeli. Tuliipandisha kidogo kidogo, hadi mistari ya tabaka la kwanza ikashikana bila kuacha matuta katikati yake. Usiruke hatua hii, kwa sababu slaisa, yaani programu inayogeuza mchoro kuwa maelekezo ya printa, ikifidia nozeli iliyowekwa vibaya, kipimo kitayumba kila utakaposawazisha kitanda upya. Kitanda nacho tukakishusha hadi 50 baada ya tabaka la kwanza.

Tulipochapa tena, chini ilisoma 60.5 na juu 60.1. Tofauti ni 0.4, nayo imegawanyika pande mbili, yaani 0.2 kila upande. Hiyo 0.2 ndiyo inayoandikwa. Kwenye PrusaSlicer na OrcaSlicer inaingia kwenye `Elephant foot compensation`. Kwenye Cura tafuta `Initial Layer Horizontal Expansion` na uandike `-0.2`. Tafadhali usisahau alama ya kutoa, maana bila hiyo Cura itautanua mguu badala ya kuupunguza. Droo iliyofuata ilisoma 60.1 juu na chini, ikateleza hadi mwisho.

Usiongeze namba kwa pupa. Ukizidisha, tabaka la kwanza huingia ndani kuliko la pili, ukingo wa pili unaning'inia hewani, na vitu vyembamba hukosa eneo la kushikilia kitanda. Uvimbe uliopanda tabaka nyingi nao hautaisha kwa namba hii, kwa kuwa kwa kawaida hupunguza tabaka la kwanza tu. Hapo rudi kwenye joto, au chora mkato wa nyuzi 45 wa nusu milimita kwenye ukingo wa chini.

Ukitutumia faili la kuchapa, tuambie ni upande gani unaoingia kwenye kitu kingine. Ikiwezekana tutaulaza mbali na kitanda, usiguswe kabisa na mguu wa tembo.