Kusema "anaongea vizuri" au "anaogelea haraka" kwa Kichina: 得 inakaa wapi?

Katika daftari tunazosahihisha, sentensi hii hurudi tena na tena: 他说汉语很好. Mwanafunzi alitaka kusema "Anaongea Kichina vizuri," akapanga maneno kama tunavyoyapanga kwa Kiswahili: kitenzi, kitendwa, kisha namna. Kichina hakipangi hivyo. Ukieleza mtu anafanya jambo vizuri au haraka kiasi gani, kitenzi hufuatwa papo hapo na 得 (de), ndipo ije sifa: 跑得很快 (pǎo de hěn kuài), anakimbia kwa kasi. Kati ya kitenzi na 得 hakiingii kitu.

Basi "Kichina" tukiweke wapi? Unarudia kitenzi: 他说汉语说得很好 (tā shuō Hànyǔ shuō de hěn hǎo). 说 ya kwanza inabeba Kichina, ya pili inabeba 得. Katika mazungumzo ile ya kwanza huachwa mara nyingi: 他汉语说得很好. Zote mbili ni sahihi, ila sisi tunawashauri wanaoanza waizoee kwanza ile ndefu, maana inaonyesha wazi kila neno lina kazi gani.

Wengi wakishaelewa hapo, hukwama kwenye 游泳 (yóuyǒng). Kamusi inasema "kuogelea", kwa hiyo wanaandika 我姐姐游泳得很快, na sentensi inakataa. Neno hilo lina sehemu mbili: 游 ndiyo kitenzi, 泳 inakaa mahali pa kitendwa. Dada yako anayeogelea haraka ni 我姐姐游泳游得很快, au kwa kifupi 我姐姐游得很快. 唱歌 (kuimba), 跳舞 (kucheza dansi), 睡觉 (kulala) na 跑步 (kukimbia) yako vilevile. Utayatambua kwa kuangalia kama kitu kinaweza kuingia katikati: watu husema 睡了一觉 na 唱一首歌, kwa hiyo maneno hayo yanagawanyika.

Kukanusha nako kunahitaji uangalifu. Kwa Kiswahili tunakanusha kitenzi, "haogelei haraka", lakini hapa kuogelea kupo, kinachokanushwa ni kasi. 不 inakwenda baada ya 得: 她游得不快. Ukiuliza, swali nalo linakaa hapo hapo: 她游得快不快? au 她游得怎么样?

Usiidondoshe 很 katika sentensi ya kawaida, hata kama hukusudii kusema "sana". 她游得快 ikibaki peke yake husikika kama unamlinganisha na mwingine, na msikilizaji atangoja umtaje huyo mwingine.

Kwenye simu, ukiandika de, herufi inayotangulia kwa kawaida ni 的, inayosomwa sawa kabisa na 得. Wachina wenyewe huzichanganya kwenye meseji, na hakuna anayejali. Kwenye insha ya darasani 说的很好 itapigwa mstari mwekundu, kwa hiyo usiguse ile ya kwanza kabla hujaitafuta 得 kwenye orodha.